Namna ya Kujibu Maswali ya Wasilisho Kuhusu Uvuvi wa Kupindukia Ziwa Victoria: Mwongozo Kamili

Kila msimu wa mawasilisho naona jambo lilelile. Mwanafunzi anaonyesha picha ya mwalo, pale mitumbwi inaposhusha samaki, anaeleza kwamba wavuvi wameongezeka na sangara wamepungua, anasema huu ndio msiba wa mali ya wote, anamaliza kwa kudai sheria kali. Anapigiwa makofi. Kisha mtu wa nyuma anainua mkono: "Umejuaje kwamba ni uvuvi, na si maji yenyewe yaliyobadilika?" Hapo ukumbi unanyamaza.

Mwongozo huu ni wa dakika hizo baada ya makofi. Nimechagua sangara wa Ziwa Victoria kwa sababu ndiye anayewasilishwa zaidi na ndiye anayewaangusha wengi. Kama ziwa lako ni jingine, hatua ni zilezile; badilisha samaki na takwimu.

## Vitu vya kuwa navyo kabla ya kuanza

- Takwimu zako za mavuno, zikiwa na safu tatu angalau: tarehe, idadi ya mitumbwi iliyotoka, na kilo zilizoshushwa.
- Vipimo vya urefu wa samaki ulivyochukua mwenyewe au ulivyopewa na ofisa uvuvi. Futi kamba ya fundi cherehani inatosha.
- Nakala ya kanuni za uvuvi zinazotumika sasa katika nchi yako. Usitegemee ulichosoma kwenye wasilisho la mwaka jana, kwani kanuni za ziwa hili hurekebishwa mara kwa mara.
- Karatasi moja yenye jedwali la Hatua ya 4, iliyoandikwa kwa mkono wako.
- Mtu mmoja asiyekuonea haya, wa kukuuliza maswali. Kama unaweza kumpata aliyewahi kuvua, bora zaidi.
- Daftari la maswali. Usilichanganye na daftari la masomo.

## Hatua ya 1: Taja samaki mmoja na kipimo kimoja

Sentensi inayoanguka mapema kuliko zote ni hii: "Samaki wamepungua ziwani." Atakayeuliza "samaki gani?" atakuwa amekumaliza kwa maneno mawili.

Ziwa Victoria lina uvuvi wa aina tatu unaotofautiana sana. Sangara huvuliwa kwa nyavu za makila na ndoano, na soko lake kubwa ni viwanda vya minofu. Sato huvuliwa karibu na ufuo na huliwa hapahapa. Dagaa huvuliwa usiku wa giza kwa taa, na mbalamwezi ikiwaka wavuvi wake hupumzika. Kwa uzito, dagaa ndio sehemu kubwa ya mavuno ya ziwa zima miaka hii. Kwa hiyo mtu anaweza kusimama na kusema, kwa haki kabisa, kwamba jumla ya samaki wanaotolewa ziwani haijashuka, wakati wewe unalia kwamba wamekwisha. Nyote mna ukweli, ila kila mmoja anazungumzia samaki wake.

Andika sentensi moja ya madai yako kwa mfano huu: "Katika mwalo niliouchunguza, kilo za sangara ambazo mtumbwi mmoja unaleta kwa usiku zimeshuka, na sangara wenyewe wamekuwa wafupi." Ina samaki mmoja, mahali pamoja, na vipimo viwili.

Tahadhari: usitumie jumla ya mavuno peke yake kama ushahidi. Jumla inaweza kupanda wakati ziwa linazidi kuchoka, kwa sababu tu mitumbwi imeongezeka. Gawanya kilo kwa idadi ya mitumbwi, ndipo uone.

Utajua umefaulu ukiweza kumsomea mtu asiyejua mada sentensi yako, naye asiulize "yupi?" wala "wapi?"

## Hatua ya 2: Tenganisha "wamepungua" na "wamevuliwa kupita kiasi"

Hapa ndipo swali la mtu wa nyuma linapojibiwa, na hapa nakuomba utulie kidogo.

Sangara wanaweza kupungua mahali fulani kwa sababu ambazo hazihusiani na nyavu. Maji ya ziwa yamepokea mbolea, maji taka na udongo kwa miongo mingi, mwani umeongezeka, na unapooza hula oksijeni. Sangara ni samaki anayehitaji oksijeni nyingi kuliko wengi. Mwishoni mwa 2020 na mwanzoni mwa 2021 sangara wakubwa walielea wakiwa wafu, hasa upande wa Uganda, na mamlaka zilitaja upungufu wa oksijeni kuwa chanzo. Hakuna wavu uliowaua hao. Magugu maji nayo hufunga ghuba nzima, mitumbwi ikashindwa kutoka, na mavuno yakashuka bila samaki kupungua.

Sasa utatofautishaje? Uvuvi wa kupindukia huacha alama tatu, na nguvu yake ni kwamba huonekana kwa pamoja:

Kwanza, mavuno kwa kila mtumbwi hushuka huku idadi ya mitumbwi ikipanda. Pili, samaki wakubwa hutoweka kabla ya wadogo, kwa hiyo urefu wa wastani hupungua. Tatu, wavuvi huenda mbali zaidi, hukaa muda mrefu zaidi, au hubadili zana ili kupata kilo zilezile. Maji yakikosa oksijeni, vifo huja kwa pamoja na kwa ghafla, na alama ya tatu hutokea mahali pamoja kwa majuma machache, si kwa mwendo wa miaka.

Kuna mtego katika alama ya pili. Ukipima sangara pale mwaloni, mara nyingi unapima waliobaki. Mitumbwi ya wakusanyaji yenye barafu huwafuata wavuvi hukohuko ziwani na kuchukua wale wanaofaa kiwandani. Wanaofika nchi kavu wamekwisha kuchambuliwa. Nilimwona mwanafunzi aliyepima samaki kwa uangalifu wa kuigwa, siku baada ya siku, kisha mvuvi mmoja ukumbini akamuuliza kwa upole: "Wale wa kwenye barafu uliwapima?" Hakuwa amewapima, na grafu yake nzuri ikawa haina uzito. Pima kabla ya kuchambuliwa, au sema wazi mwanzoni kwamba ulipima baada ya kuchambuliwa.

Utajua umefaulu ukiweza kusema ni matokeo gani yangekufanya uache madai yako. Kwa mfano: "Kama urefu wa wastani usingebadilika, ningeshuku maji kwanza, uvuvi baadaye."

## Hatua ya 3: Pima msiba wenyewe kwa maswali manne

Garrett Hardin, mwanaikolojia Mmarekani aliyeandika kuhusu msiba huu mwaka 1968, alitumia mfano wa malisho. Kila mfugaji anaongeza ng'ombe kwa kuwa faida ni yake, na nyasi zinazoliwa ni za wote. Kwetu tuna neno lililotangulia hapo: shamba la bibi. Kila mjukuu anachuma, hakuna anayepanda.

Kosa kubwa la mawasilisho ni kulitaja wazo hili kama maelezo yaliyokamilika. Ni dhana inayopaswa kupimwa, na ina masharti. Yapitie moja moja ukiwa na ushahidi wa mwalo wako.

Je, mlango uko wazi? Ziwa Victoria kwa muda mrefu limekuwa hivyo. Leseni zipo na vyombo husajiliwa, lakini mwenye chombo na ada huingia. Sensa ya uvuvi ya mwaka 2000 ilihesabu wavuvi karibu 129,000 ziwa zima. Kufikia katikati ya miaka ya 2010 walikuwa wamepita 200,000. Sharti hili linatimia.

Je, samaki niliyemchukua mimi amekupungukia wewe? Ndiyo, kwa sangara jibu ni rahisi, maana huogelea na hana mpaka. Ziwa limegawanyika kati ya Tanzania yenye takribani nusu, Uganda yenye zaidi ya asilimia 40, na Kenya yenye takribani asilimia 6. Sangara hajui asilimia hizo.

Je, faida ni ya mmoja na hasara ni ya wote? Hili linahitaji hesabu, na utaipata katika hatua inayofuata.

Je, watumiaji hawana sheria zao wenyewe? Hapa mambo hubadilika. Hardin alidhani wafugaji wake hawazungumzi wala hawapatani. Elinor Ostrom, aliyepata Tuzo ya Nobeli ya Uchumi mwaka 2009, alionyesha kwa mifano ya nchi nyingi kwamba watu wanaotumia mali moja mara nyingi hupatana, hulindana na hutozana faini, na mali ikadumu. Hardin mwenyewe baadaye alikiri kwamba alipaswa kusema msiba wa mali isiyosimamiwa.

Kwa hiyo tofautisha vitu viwili ambavyo Kiswahili chetu huviweka kirahisi katika kapu moja. Mali ya wote yaweza kuwa na wenyewe wengi wanaojuana, kama kisima cha kijiji. Au yaweza kuwa haina mwenyewe kabisa. Msiba ni wa ile ya pili.

Ziwa liko upande upi? Katika mialo kuna vikundi vya usimamizi shirikishi, vinavyojulikana kwa jina la BMU, kifupi cha Kiingereza cha Beach Management Unit. Tanzania ilianza kuvianzisha ziwani mwishoni mwa miaka ya 1990, na Kenya na Uganda zikafuata. Juu yao kuna Shirika la Uvuvi la Ziwa Victoria, lililoundwa na nchi tatu mwaka 1994, makao yake Jinja, Uganda. Kwa hiyo huwezi kusema hakuna sheria. Unachoweza kusema, na mimi ndilo jibu ninaloliona lina nguvu zaidi, ni kwamba sheria zipo lakini hazilingani na ukubwa wa samaki. Kikundi kinasimamia kipande kidogo cha ufuo, na samaki anazunguka nchi tatu. Mwalo ukijinyima, jirani anavuna.

Tahadhari: usiseme "nadharia imethibitishwa". Sema sharti lipi limetimia, lipi nusu, na kwa ushahidi upi. Jopo huheshimu jibu lenye mipaka kuliko jibu lenye kelele.

Utajua umefaulu ukiweza kusimama upande wa Ostrom kwa dakika moja na upande wa Hardin kwa dakika moja, bila kutazama karatasi, na kila upande ukajisikia wenye akili.

## Hatua ya 4: Beba hesabu ndogo unayoweza kuieleza ubaoni

Hesabu hii si takwimu ya mwalo wowote. Ni mfano wa kufikirika, na lazima useme hivyo. Thamani yake ni kuonyesha utaratibu unavyofanya kazi.

Tuseme ghuba moja ina mitumbwi `N`. Kila mtumbwi unaoongezwa unapunguza nusu kilo kwa kila mtumbwi mwingine:

```
kilo kwa mtumbwi = 60 - 0.5 × N
gharama ya usiku = sawa na kilo 20
```

Gharama ni mafuta, chambo, barafu na posho ya wavuvi, zikigeuzwa kuwa kilo za samaki.

| Mitumbwi | Kilo kwa mtumbwi | Jumla ya kilo | Faida ya wote (kilo) |
|---|---|---|---|
| 40 | 40 | 1,600 | 800 |
| 60 | 30 | 1,800 | 600 |
| 80 | 20 | 1,600 | 0 |

Tazama mstari wa kwanza na wa mwisho. Kilo ni zilezile 1,600, ila mara ya pili zimetolewa kwa mitumbwi mara mbili na hakuna aliyebakiwa na kitu.

Sasa jibu la sharti la tatu. Ghuba ina mitumbwi 40 na wewe unataka kuwa wa 41. Utapata kilo 39.5, ukitoa gharama unabaki na 19.5. Kwako ni biashara. Lakini wale 40 kila mmoja amepoteza nusu kilo, jumla 20. Umepata 19.5, umewakosesha wenzako 20. Ghuba ikiwa na mitumbwi 60, wa 61 anapata faida ya 9.5 na kuwakosesha wenzake 30. Bado anaingia, kwa sababu ile 30 haimo mfukoni mwake. Ataendelea kuingia mwingine na mwingine mpaka mitumbwi 80, ambapo anayefikiria kuingia hana cha kupata.

Mweleze hadhira jambo moja ambalo wengi hulisahau: hakuna mtu mbaya katika hesabu hii. Hakuna mwenye tamaa kuliko mwenzake, hakuna aliyevunja sheria. Ukiifahamu hivyo hutakuja kuwalaumu wavuvi kwa tabia zao mbele ya wavuvi wenyewe.

Tahadhari: mfano huu haujumuishi samaki kuzaliana kwa miaka, wala bei kupanda samaki wakiadimika. Ukiulizwa, kubali mara moja. Bei ikipanda, gharama inakuwa sawa na kilo pungufu ya 20, na mitumbwi itaendelea kuingia hata baada ya 80. Yaani bei nzuri huongeza tatizo. Fikiria mabondo ya sangara, yaani mifuko yake ya hewa, ambayo bei yake imemfanya mtu amfuate samaki mkubwa ambaye kwa minofu tu asingemfuata.

Utajua umefaulu ukiweza kuchora jedwali hili ubaoni kwa chini ya dakika mbili na kufika kwenye mtumbwi wa 41 bila kukosea.

## Hatua ya 5: Kila sheria unayopendekeza, ipitishe kwenye maswali matatu

Maswali ni haya: Nani atapima, wapi na saa ngapi? Nani atalipa gharama ya kujinyima? Mvuvi mwenye akili atabadili nini ili aishi na sheria hiyo? La mwisho ndilo linaloua mapendekezo mengi.

Kipimo cha urefu. Nchi tatu zilikubaliana sangara avuliwe akiwa kati ya sentimita 50 na 85. Lengo la kikomo cha chini ni kumwacha mdogo akue, na la juu ni kumlinda mama. Hapa kuna jambo ambalo likikutoka kinywani jopo litakaa sawa. Sangara dume hukomaa akikaribia sentimita 50 hadi 60, lakini majike wengi hawajakomaa mpaka wapite 70. Kwa hiyo samaki halali wa sentimita 55 aweza kuwa jike ambalo halijawahi kutaga hata mara moja. Kikomo cha 50 peke yake kinalinda madume zaidi ya majike, na ndiyo sababu kile cha 85 kilikuwa na maana: jike kubwa hubeba mamilioni ya mayai.

Nani atapima? Mlango wa kiwanda hupima vizuri, kwa sababu malango ni machache. Lakini asiyefika kiwandani hapiti mlangoni. Huuzwa mwaloni, hukaushwa, hutiwa chumvi, huvuka mpaka. Na mvuvi atafanya nini? Wavu wa makila huwa umemnyonga samaki kabla hajatolewa. Aliye chini ya kipimo akirudishwa majini anarudi akiwa mfu. Kwa hiyo kipimo cha urefu bila kipimo cha matundu ya nyavu kinamwadhibu mvuvi kwa samaki aliyekwisha kufa. Sema hivyo, kisha pendekeza vyote viwili kwa pamoja.

Kupumzisha ziwa. Ziwa Tanganyika lilifungwa kwa uvuvi kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti 2024. Utaulizwa kwa nini Victoria isifanye hivyo. Usikimbilie ndiyo wala hapana. Sangara huzaa karibu mwaka mzima, kwa hiyo miezi mitatu haiangukii msimu mmoja unaoeleweka wa kuzaa. Na kufunga hakuondoi mtumbwi hata mmoja. Siku ya kufungua wote hutoka kwa pamoja. Katika jedwali letu, `N` haijabadilika. Kinachoweza kupatikana ni ukuaji wa miezi hiyo, na ni halali kuudai, ila umwambie mvuvi atakula nini katikati.

Kuweka kikomo cha mitumbwi. Ndiyo sheria pekee inayogusa moja kwa moja kile kinachosababisha msiba, na ndiyo ngumu kuliko zote kisiasa. Ukiipendekeza, uwe na jibu la nani anabaki nje. Kama ni wa kwanza kusajiliwa, matajiri wenye vyombo vingi wataandikisha vyote usiku mmoja, na kijana mwenye mtumbwi mmoja wa makasia atabaki ufuoni. Mimi napendelea kikomo kihesabiwe kwa mmiliki na si kwa chombo, ingawa najua chombo huandikwa kwa jina la shemeji.

Nguvu za dola. Tanzania iliendesha Operesheni Sangara mwaka 2018, na makokoro na nyavu za timba zikachomwa kwa wingi. Uganda ilisimamisha BMU zake mwaka 2015 na kuleta jeshi mwaka 2017. Ukiulizwa kama zilisaidia, jibu kwa vipande. Zana haramu hupungua haraka askari wakiwepo. Lakini yule aliyekuwa akimkanya jirani yake mwaloni huacha kumkanya, kwa kuwa kazi imekwisha kuwa ya serikali. Askari wakiondoka, hakuna mlinzi wa kwanza wala wa pili.

Utajua umefaulu ukiweza kutaja udhaifu wa sheria unayoipenda kabla hujaulizwa.

## Hatua ya 6: Fanya mazoezi na mtu anayekukatiza

Kaa na yule mtu asiyekuonea haya. Mpe ruhusa ya kukukatiza. Mfano wa zoezi linavyokwenda, muulizaji akiwa mzee aliyevua miaka mingi:

"Mwanangu, unasema tumewamaliza samaki. Mimi nimevua tangu sangara hajaenea. Wakati huo mlisema sangara ndiye anayemaliza furu. Leo mnasema sisi tunammaliza sangara. Tuwaamini lini?"

Jibu baya: "Mzee, utafiti unaonyesha kwamba…"

Jibu zuri: "Shikamoo mzee. Ni kweli, sangara aliletwa ziwani na watu, na furu wengi walipotea alipoongezeka miaka ya 1980. Sijasema wavuvi ndio waliobadili ziwa peke yao. Nilichopima ni kitu kimoja: sangara katika mwalo huu ni wafupi kuliko walioandikwa kwenye daftari la mwalo huuhuu miaka kumi iliyopita. Nikuulize, mzee wangu, zamani mlikuwa mkitega kwa nyavu zenye matundu ya inchi ngapi?"

Angalia alichofanya. Amekubali lililo kweli, amepunguza dai lake mpaka kwenye kile alichopima, kisha amemrudishia mzee swali ambalo jibu lake ni ushahidi. Mzee akisema walitega inchi saba au nane na leo vijana wanatega tano, amekupa alama ya tatu ya Hatua ya 2 mbele ya watu wote.

Swali la pili la mazoezi, la mchumi: "Kwa nini serikali isigawe ziwa liwe la watu binafsi?" Jibu: mali ya mtu inahitaji uzio, na uzio ziwani hauzuii sangara. Vizimba vya kufugia sato vinawezekana kwa sababu samaki amefungwa ndani. Kwa samaki wa porini unaweza kugawa haki ya kuvua kiasi fulani, ila kwa mialo mingi hivi na wanunuzi wanaokutana na mvuvi majini, hakuna wa kuhesabu kilo za kila mtu.

Swali la tatu, la kila mara: "Suluhisho lako ni nini basi?" Jibu kwa sheria moja tu, itaje, itaje udhaifu wake, nyamaza. Wanaotaja sheria sita huulizwa kuhusu ile wasiyoijua.

Tahadhari: usikariri majibu neno kwa neno. Kariri mpangilio: nakubali nini, nimepima nini, sijui kufikia wapi.

## Hatua ya 7: Siku yenyewe

Swali likiulizwa, liandike maneno matatu, kisha lirudie kwa sauti: "Kama nimekuelewa, unauliza kama mwani unaeleza kupungua huku." Unapata sekunde kumi, na muulizaji anapata nafasi ya kukusahihisha.

Jiulize ni swali la aina gani. La ukweli lijibu kwa namba na mahali ilipotoka. La sababu lijibu kwa alama tatu. La sheria lijibu kwa maswali matatu. La maadili, kama "ni haki kuchoma wavu wa maskini?", lijibu kwa maoni yako ukisema ni maoni, kisha ueleze nani anabeba hasara kwa kila upande. Kulijibu la maadili kwa takwimu kunakera watu, na wana haki ya kukereka.

Dakika moja kwa swali inatosha. Ukiona umeanza sentensi ya sita, umeshatoka nje ya swali.

Ukiulizwa usichokipima, sema "sikupima hilo", ueleze ungelipimaje, na ukomee hapo. Nimeona watu wakipewa alama nzuri kwa sentensi hiyo, na wengine wakipoteza zote kwa kubuni namba moja.

Jioni hiyohiyo, kabla hujalala, andika katika daftari maswali yote uliyoulizwa kwa maneno ya waulizaji, pamoja na yale uliyoyajibu vizuri. Weka alama kwenye lile lililokushinda, na uandike pembeni ni safu gani ya takwimu ingelijibu. Kwa wengi huwa ni ileile: idadi ya mitumbwi iliyotoka usiku ule, ambayo hakuna aliyeihesabu kwa sababu ilikuwa alfajiri na kila mtu alikuwa akitazama samaki.